Tulipopanda kwa Kengele ya Mawe

Watu wakisikia niliwahi kufanya kazi machimboni upande wa Geita, huniuliza habari za dhahabu. Dhahabu yenyewe niliiona mara mbili tatu tu, tena kwenye kiganja cha mtu mwingine. Nilichokiona kila siku ni maji. Mimi nilikuwa fundi umeme, na kwenye mgodi mdogo kama ule fundi umeme ni mtumwa wa maji: pampu ikisimama, kila mtu anakuangalia wewe.

Kabla ya hapo nilikuwa Shinyanga mjini, kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Huko ndiko nilikofundishwa mota, na fundi mkuu mmoja mkali kama pilipili kichaa, aliyekuwa akichora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji halafu anakukataza kukanyaga mchoro wake. Alichora mstari unaoanzia chini kushoto, ukapanda kilima, kisha ukaporomoka kwa ghafla upande wa kulia hadi sakafuni. Akasema huo ndio mwenendo wa mota yoyote ya kawaida. Kushoto mota imesimama, kulia inakimbia kasi yake yote, na urefu wa mstari ni nguvu yake ya kuzungusha mzigo.

Jambo la kwanza alilotaka tulielewe ni kwamba rota, yaani ile sehemu inayozunguka, haiufikii kamwe uga wa sumaku unaoikimbiza. Uga unazunguka ndani ya mota mara elfu moja na mia tano kwa dakika, rota inaufuata nyuma kidogo, labda elfu moja mia nne na arobaini. Ile tofauti tuliita slipu. Tulidhani ni kasoro, kwamba mota nzuri isingekuwa nayo. Alitufokea. Rota ikiufikia uga, alisema, uga hauikati tena kwa kuipita, umeme hauzaliwi ndani yake, na nguvu inakuwa sifuri. Inavuta kwa sababu imechelewa, na mzigo ukizidi inachelewa zaidi ili ivute zaidi. Ila kuchelewa nako kuna mwisho. Ukiilemea mpaka ikavuka kilele cha kile kilima na kurudi upande wa kushoto, nguvu inapungua badala ya kuongezeka, mota inanguruma tu, na usipokata umeme inaungua mbele ya macho yako.

Tuliliona hilo kila msimu wa pamba. Mashine zote zikiwashwa kwa pamoja volti zilishuka, na volti zikishuka kidogo nguvu ya mota hushuka maradufu, hata kilima chote kikawa kichuguu. Pamba ikakwama kwenye misumeno, mota zikanguruma, na mimi nikakimbizwa huku na huku kukata swichi. Niliichukia kazi ile. Nilipopata barua ya kuhamia mgodini nilishukuru Mungu, nikapanda lori la magunia nikijiona nimetoka kifungoni. Sikujua ninakoenda.

Mgodi ulikuwa wa serikali, mdogo, katikati ya vichaka na mawe makubwa. Ulikuwa na shimo moja la kwenda chini wima, kama mita sitini hivi. Ngazi za mbao zilizokuwa ukutani zilikuwa zimeoza, tukazing'oa kabla hazijaua mtu, na mbao mpya tuliambiwa ziko njiani. Ziliendelea kuwa njiani muda wote niliokaa pale. Kwa hiyo njia ya kuingia na kutoka ilikuwa moja tu, ndoo kubwa ya chuma iliyoning'inia kwenye kamba ya waya, na mwisho wa kamba ile ilikuwa winchi, na kwenye winchi alikaa mzee mmoja.

Mzee huyu alikuwa Msukuma wa Didia, mrefu, mkimya, mwenye heshima zake. Asubuhi ulimwamkia, yeye akakuuliza habari za nyumbani kwako mpaka za mbuzi, ndipo akakaa kwenye kiti. Kutoka kwenye kibanda chake hakuwa akiona shimo. Alikuwa akiona pipa la winchi, alama za chokaa alizozipaka kwenye kamba, na kengele. Kengele ilivutwa na waya uliopita ukutani mpaka chini kabisa. Ukivuta mara moja, simama. Mara mbili, teremsha. Mara tatu, pandisha watu. Mara nne, pandisha mawe. Mara tano ilimaanisha watu wameshuka kutoka kwenye ndoo, haina mtu ndani. Kabla hajagusa kitu, mzee alikujibu kwa nyundo juu ya bomba la hewa lililoteremka shimoni, akirudia idadi ileile, ndipo ujue amekusikia sawasawa.

Sharti lake lilikuwa moja, nalo lilijulikana na kila mtu pale. Watu hawapandishwi kama mawe. Mawe yalikwenda kwa kasi yote, ndoo ikigonga kuta bila kumuumiza mtu. Watu walikwenda taratibu kama wanabebwa kwenye machela. Katika miaka yake yote hakuwahi kumpandisha mtu kwa mwendo wa mawe, wala mkubwa wa mgodi, wala mtu aliyekuwa akikimbilia msiba. Tulimtania kwamba akipewa nafasi ya kuendesha treni, abiria watafika wakiwa na wajukuu. Hakucheka wala hakukasirika.

Winchi ya zamani ilimruhusu kufanya hivyo. Ilikuwa na mota ya pete, ile ambayo nyaya za rota hutolewa nje na kupitishwa kwenye vyuma vya kupunguza umeme. Ukiviingiza vyuma vyote, kile kilima cha chaki kinasogea kushoto mpaka kilele chake kinakuwa pale mota inapoanzia. Kwa hiyo pale polepole ndipo ilipokuwa na nguvu kuliko pote. Mzee alivuta mkono wa chuma kituo cha kwanza, vyuma vikapata moto, na winchi ikanyanyua chochote kwa mwendo wa kinyonga. Kwake yeye polepole na nguvu vilikuwa kitu kimoja.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mota ile iliungua, na wafadhili wakatuletea nyingine. Hii ilikuwa ya kawaida, haina pete, ikaja na sanduku la kijivu lenye taa ndogo na kitufe chekundu. Kazi ya sanduku ilikuwa kubadili masafa ya umeme, yaani idadi ya mapigo yake kwa sekunde, ambayo sisi mafundi huihesabu kwa hezi. Umeme wa jenereta uliingia na hezi hamsini, sanduku likaugeuza kuwa umeme ulionyooka, kisha likaukatakata na kuutengeneza upya kwa masafa unayotaka: hamsini, ishirini, tano. Masafa yakipungua, ule uga wa sumaku wenyewe unazunguka polepole, na rota inaufuata nyuma kwa slipu yake ileile ndogo. Hupotezi umeme kwenye vyuma vya moto. Mchoro wote wa chaki unahama kuelekea kushoto, kilima na kila kitu.

Ila kuna masharti. Masafa yakipunguzwa, volti nazo lazima zipunguzwe kwa uwiano huohuo, la sivyo chuma kinashiba sumaku kupita kiasi na mota inachemka. Na zikishapunguzwa sana, kama kwenye hezi tano, zile volti chache zinazobaki zinaliwa na ukinzani wa nyaya za mota yenyewe kabla hazijafanya kazi. Kilima kinafupika. Ndiyo maana ndani ya sanduku kulikuwa na skrubu ndogo ya kuongeza volti kidogo pale chini. Fundi wa kizungu aliyekuja kulifunga aliiweka vizuri, lakini mota ikawa inapata joto kwa sababu feni yake inazungushwa na ekseli yake yenyewe, na mwendo wa watu ulikuwa wa polepole mno kwa feni kupuliza chochote. Akaikaza skrubu chini mpaka joto likapungua. Akajaribu kuwapandisha watu wawili, wakapanda. Akajaribu mawe, yakapanda. Akafunga begi lake, akaondoka na gari la kwanza.

Hakuna kati yetu aliyegundua kwa nini kila kitu kilipanda. Kilipanda kwa sababu ndoo siku zote ilianzia chini kabisa, imekaa kwenye sakafu ya shimo, kamba imelegea. Mota ilipata nafasi ya kuanza kuzunguka bila mzigo, ikafika upande wake mzuri wa kilima, ndipo mzigo ukaja.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya masika. Pampu ya chini ilikuwa imevunjika ekseli na maji yalikuwa yamefunika sakafu ya shimo yakiendelea kupanda. Pampu ilikaa kwenye jukwaa la mbao lililojengwa ukutani, juu kidogo ya maji. Tulishuka watu wawili kuitoa, mimi niikate nyaya, na mtu wa pampu aifungue. Huyu alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mnene, Mkatoliki wa kufunga rozari kiunoni, na maneno hayakumkauka. Alinitania njia nzima kwamba Wasukuma tumezoea kuchunga ng'ombe na hatujui kufunga nati.

Tulisimamisha ndoo usawa wa jukwaa, mdomo wake ukiegemea mbao. Tuliinyanyua pampu kwa mnyororo wa kapi, tukaiingiza kwenye ndoo, sisi wenyewe tukapanda juu yake. Nikavuta kengele mara tatu. Juu kabisa, mbali, nyundo ikajibu mara tatu.

Breki ya winchi ilifunguka, nasi tukashuka.

Si sana, kama dhiraa moja, kisha breki ikafunga kwa kishindo. Lakini mdomo wa ndoo ulikuwa umeshika ukingo wa jukwaa, ukang'oa boriti, na jukwaa zima likaporomoka majini pamoja na kapi lililoning'inia juu yake. Mtu wa pampu alitaja watakatifu wote anaowajua. Mimi nilibaki nimeshika mnyororo wa ndoo nikitazama mahali jukwaa lilipokuwa, na pale palikuwa na mwamba mtupu unaotiririka maji.

Nilielewa papo hapo, nikawaka hasira, kwa sababu kuelewa hakukunisaidia kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mota ile ilikuwa inatakiwa kuanza na mzigo unaoning'inia hewani. Hakuna kamba iliyolegea. Mzee alikuwa ameweka hezi tano, mwendo wa watu, breki ikafunguka, kile kichuguu cha nguvu hakikutosha, mzigo ukaizungusha mota kinyumenyume, sanduku likajizima. Juu kule taa nyekundu ilikuwa inawaka. Na mzee, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe, angebonyeza kitufe na kujaribu tena.

Akajaribu tena. Tukashuka dhiraa nyingine. Akajaribu mara ya tatu, na kitako cha ndoo kikagusa maji.

Ndoo zile zina matundu chini ya kutolea maji. Yale matundu sasa yalifanya kazi upande wa pili. Maji yalibubujika taratibu kuzunguka pampu, yakafika kwenye buti zangu, na kila debe lililoingia lilikuwa uzito mwingine wa kunyanyua. Pampu hatukuweza kuitupa, maana iliingizwa na kapi na kapi lilikuwa majini. Kupanda kamba hakukuwezekana, ilikuwa imepakwa grisi na mimi mwenyewe. Tulipiga kelele. Mtu wa mdomoni mwa shimo, yule wa kupokea ndoo, aliinama akapiga kelele pia, tukaona kichwa chake kidogo dhidi ya mwanga, lakini kompresa ya kusukuma hewa shimoni ilikuwa inanguruma pembeni yake, na kilichotufikia kilikuwa kama ng'ombe anayelia ndani ya mtungi. Bila shaka kilichomfikia yeye kilikuwa vilevile. Hakuna aliyefikiria kuizima kompresa.

Naomba nieleweke. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, na hofu yangu ilikuwa ya namna ya kuchukiza, kwa sababu nilikuwa najua. Mtu wa pampu alikuwa na bahati, yeye alisali. Mimi nilikuwa nauona mchoro wa chaki mbele ya macho yangu. Nilijua skrubu iko wapi, nilijua ukubwa wa bisibisi, na nilikuwa chini ya shimo na waya unaoweza kusema mambo matano tu. Skrubu haikuwamo.

Ndipo nikaona kwamba jibu lilikuwamo kwenye kengele. Kwenye mwendo wa mawe mzee alisukuma mkono hadi mwisho, na sanduku lilipandisha masafa kwa haraka kutoka sifuri kuelekea hamsini. Lingepita pale kwenye hezi tano bila kukaa. Kufikia kumi, kumi na mbili, volti zingekuwa zimepanda nazo, zile zinazoliwa na nyaya zingekuwa sehemu ndogo tu, na kilima kingerudi kimo chake. Tungeshuka kidogo kwanza, halafu ingetushika. Umeme ungekuwa mwingi, na sanduku lingeweza kujizima kwa hilo. Sikuwa na hakika. Lakini mwendo wa polepole nilikuwa na hakika nao: ulikuwa unatupeleka majini.

Nikavuta kengele mara nne.

 Kisha nyundo ikajibu mara tatu.

Nikavuta nne. Nyundo ikasema tatu. Nilimwona mzee kwa akili yangu, amekaa wima, ananisahihisha kama mwalimu anavyomsahihisha mtoto aliyekosea jedwali. Alikuwa anajua kuna watu ndani ya ndoo. Aliwateremsha mwenyewe. Nikavuta nne tena kwa nguvu hadi waya ukanikata kiganja, na yeye akajibu tatu, polepole, moja, mbili, tatu, nikatamani kumnyonga. Baada ya hapo akajaribu mwendo wa watu kwa mara nyingine, na maji yakafika magotini.

Mtu wa pampu aliacha kusali akaniuliza ninagombana nini na mzee. Nikamweleza kwa maneno machache. Alifikiri kidogo, maji yakimzunguka, akasema kitu ambacho sijakisahau.

"Basi mwambie tumeshuka."

Nilimwangalia. Hakuwa anatania. Kengele tano, watu wameshuka kutoka kwenye ndoo. Mzee hakujua kwamba jukwaa limeanguka. Angeweza kuamini kwamba tumechoka kuhangaika, tumerudi jukwaani, na tunataka pampu itangulie. Lilikuwa jambo la akili. Ila kengele ile haikuwahi kudanganya. Watu waligombana pale mgodini, waliibiana buti na sukari, walisingiziana, lakini hakuna mtu, hata mlevi, aliyewahi kuvuta kengele kwa uongo. Mtu wa pampu alilijua hilo kama mimi. Alifanya ishara ya msalaba, akaniambia nivute yeye akiwa ameshika mnyororo.

Nikavuta mara tano.

 Kisha nyundo: tano. Alikuwa ameamini. Nikavuta nne, na safari hii hakunisahihisha. Nne.

Breki ilifunguka na tukazama. Maji yalinifika kifuani kwa ghafla, baridi, nikajua nimekosea hesabu na nimemuua mwenzangu. Halafu kamba ikatetemeka. Niliisikia mota kupitia waya, mkwaruzo mzito unaopanda sauti, ikisota na slipu yake kubwa, ikaning'inia pale kwa muda ambao siwezi kuupima, isishuke wala isipande. Kisha ikashika. Ndoo iliruka kutoka majini kama imepigwa teke, maji yakimwagika kwa matundu yote, na ukuta ukaanza kukimbia. Tuligonga mwamba upande huu na upande ule. Mtu wa pampu alivunjika vidole viwili kati ya mnyororo na jiwe na hakugundua mpaka tulipofika juu. Mimi nilijikunja juu ya pampu nikamkumbatia miguu.

Tulitokea mwangani kwa kasi ya mawe. Mtu wa mdomoni alipiga yowe, breki ikafunga, na ndoo ikabaki inabembea juu ya shimo na sisi ndani yake, tumelowa, tunatapika maji na kucheka kama vichaa. Nilikuwa hai. Furaha ile sina maneno yake. Nilimpiga mtu wa pampu mgongoni, naye akanipiga kwa mkono wenye vidole vilivyovunjika, ndipo akalia.

Mzee alitoka kwenye kibanda chake. Alikuja hadi karibu na ndoo, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Uso wake ulikuwa wa majivu. Nilianza kueleza, nikiongea haraka, jukwaa limeanguka, hezi tano, volti, skrubu, nikimchorea kilima hewani kwa mkono unaotoka damu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu. Alimsaidia mtu wa pampu kushuka, akamwita kijana wa stoo alete blanketi. Kisha akanigeukia.

"Ng'wanone," alisema, yaani mwanangu, "nimewapandisha watu kama mawe."

Nikamwambia kwamba ndivyo alivyotuokoa. Akasema hilo amelielewa. Alilolitaka kulijua ni jambo jingine, na aliniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Kesho kengele ikilia tatu, nitajuaje ni watu?"

 Nilikasirika. Nilimwambia angetaka tufe kwa kengele ya kweli au tuishi kwa ya uongo, nikasema na mengine ambayo kijana hapaswi kumwambia mzee.  Nilikwenda kwenye sanduku na bisibisi, nikafungua mlango, nikailegeza ile skrubu robo, na robo nyingine. Siku iliyofuata niliifungia mota feni ya pembeni yenye umeme wake, ili hata ikizunguka polepole ipulizwe. Tulining'iniza ndoo imejaa mawe, mita kadhaa chini ya mdomo wa shimo, kamba imekaza, na mzee akaweka mwendo wa watu. Ikapanda kwa hezi tano bila kushuka hata unyayo. Aliirudia mwenyewe, akaridhika na mashine. Alinishukuru mbele ya watu, na alinishukuru kwa dhati.

Lakini tangu siku hiyo kengele haikumtosha. Ikilia tatu, aliagiza kompresa izimwe, akamtuma mtu wa mdomoni ainame na kuita, na akangoja sauti ya binadamu ijibu kutoka chini kwamba ndiyo, ni watu. Kazi ilichelewa, wakubwa walinung'unika, yeye hakubadilika. Mtu wa mdomoni alisikia sauti, akaitambua ya nani, akamwambia mzee, na mzee akavuta mkono wa winchi. Alikubali sauti ya kila mtu, hata ya vibarua walioanza kazi juzi.

Yangu hakuikubali. Hakuwahi kunisema vibaya, na asubuhi aliendelea kuniuliza habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Ila akiambiwa aliyejibu ni fundi umeme, aliondoa mkono kwenye chuma, akakaa, akasubiri sauti ya mtu mwingine. Kama nilikuwa nimeshuka peke yangu, na kazi yangu mara nyingi ni ya kushuka peke yako, nilikaa kule chini gizani kando ya pampu, mpaka apatikane mtu wa kuteremka kusema kwamba nipo.